Emoji kwenye ukurasa wa wavuti: visanduku na alama za kuuliza hutoka wapi

Kwa kompyuta, emoji ni herufi kama a au b. Katika orodha ya Yunikodi kila herufi ina namba yake, na uso unaocheka 😀 umepewa 128512. Namba hiyo ikihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 huwa baiti nne. Kivinjari kikifungua ukurasa hukuta baiti tu, na lazima kiambiwe zisomwe kwa mfumo gani:

```html
<head>
  <meta charset="utf-8">
  <title>Duka la Maua 🌺</title>
```

Mstari huo uwe ndani ya baiti 1024 za mwanzo za ukurasa, kwa hiyo uweke juu kabisa, kabla ya `title`. Ukikosekana, kivinjari hubahatisha, na mara nyingi huchagua Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi kamili. Hapo 😀 hutokea kama `ðŸ˜€`. Ukiona hivyo usihangaike sana, maana faili ni nzima, imesomwa vibaya tu. Kama mstari upo na takataka hizo bado zinatokea, chunguza kichwa cha `Content-Type` kinachotumwa na seva. Kikitaja `charset` nyingine, hicho ndicho kinachofuatwa, si mstari wako.

Alama ya kuuliza ya kawaida ni habari mbaya zaidi. Ukihifadhi faili kwa mfumo wa zamani wa ANSI, ambao hauna nafasi ya emoji, programu huandika `?` mahali pake, na emoji yenyewe imeshapotea. Kuongeza `meta` baadaye hakutairudisha. Utaiandika upya, kisha uhifadhi kwa UTF-8. Kwenye hifadhidata ya MySQL mtego uko kwenye jina: `utf8` ya kule hubeba baiti tatu tu kwa herufi, wakati emoji nyingi zinahitaji nne. Inayotakiwa ni `utf8mb4`, kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia.

Alama ya kuuliza ikiwa ndani ya almasi nyeusi, �, jambo ni tofauti: kivinjari kinasoma UTF-8 lakini kimekuta baiti zisizoeleweka, kwa mfano maandishi yaliyokatwa katikati ya emoji.

Kisanduku kitupu hakihusiani na charset hata kidogo. Herufi imefika salama, ila fonti za kifaa hicho hazina mchoro wake. Simu ya zamani na emoji mpya ndiyo hali ya kawaida. Fungua ukurasa uleule kwenye simu mpya: ikionekana, msimbo wako hauna kosa. Bendera nazo zina kituko chao. 🇹🇿 ni herufi mbili maalumu, T na Z, zilizoandikwa pamoja, na Chrome kwenye Windows huonyesha herufi hizohizo kwa sababu fonti ya emoji ya Windows haina bendera za nchi. Bendera ikiwa ya lazima, weka picha, au pakia fonti kama Noto Color Emoji pamoja na ukurasa.

Wapo wanaoandika `😀` badala ya emoji yenyewe. Hiyo hupita salama hata faili ikihifadhiwa kwa ANSI, lakini mbele ya kisanduku kitupu haisaidii kitu.