PCR: praima inaposhika mahali pasipo pake

Chukua tone la damu la mtu mwenye vimelea vichache sana vya malaria, tuseme kimoja katika kila mikrolita. Mikrolita hiyo ina chembe nyeupe elfu kadhaa, na kila moja imebeba DNA yenye herufi zaidi ya bilioni 6. Kimelea chenyewe kina herufi milioni 23 tu. Ukipiga hesabu, DNA ya mtu inaizidi ya kimelea zaidi ya mara milioni, na wewe unataka kuona ya kimelea peke yake.

PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpa Nobeli ya kemia mwaka 1993, haiondoi DNA ya mtu. Inaiacha ilivyo, kisha inanakili kipande kimoja cha kimelea mpaka kinaizidi kwa wingi. Mzunguko mmoja una hatua tatu. Joto likifika nyuzi 95 za Selsiasi, nyuzi mbili za DNA huachana. Joto likishuka, vipande vifupi vya DNA viitwavyo praima hushika kwenye nyuzi hizo zilizoachana, kimoja kila upande wa eneo unalolitaka. Kisha kwenye nyuzi 72 kimeng'enya kiitwacho polimerasi huzirefusha praima kwa kuongeza herufi moja moja. Kila mzunguko unaongeza nakala maradufu, kwa hiyo nakala moja, mambo yakienda sawasawa, inafika kama bilioni baada ya mizunguko 30.

Polimerasi haiwezi kuanza uzi mpya patupu. Inataka ncha iliyokwisha kushika, na ncha hiyo ni praima. Ndiyo maana praima ni kama anwani, na polimerasi ni kama dereva wa bodaboda anayekwenda popote anwani inapoelekeza, hata ikiwa imekosewa. Hapo ndipo usahihi wa kipimo unapoamuliwa.

Tutazame jozi moja inayotumika sana kupima malaria. Inalenga jeni ya RNA ya ribosomu katika jenasi nzima ya Plasmodium, na kipande kinachotoka kina urefu wa herufi kama 1,200:

```
rPLU5: CCTGTTGTTGCCTTAAACTTC
rPLU6: TTAAAATTGTTGCAGTTAAAACG
```

Ya kwanza ina herufi 21, ya pili 23. Urefu huo una sababu. Herufi 10 zikipangwa ovyo zinaweza kutoa mipangilio kama milioni 1, na jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 na ushei ukihesabu nakala moja tu. Kwa hiyo neno la herufi 10 litatokea humo kwa bahati tu, mahali maelfu. Neno la herufi 21 lina mipangilio zaidi ya trilioni 4, hivyo kulikuta kwa bahati ni nadra. Hesabu hii ni ya makisio, maana jenomu haikupangwa ovyo, lakini inaonyesha kwa nini praima nyingi huwa na herufi 18 hadi 25.

Sasa hesabu joto. A na T hushikana kwa vifungo viwili vya hidrojeni, G na C kwa vitatu, kwa hiyo G na C hushika kwa nguvu zaidi. Kanuni ya haraka inasema kila A au T ihesabiwe nyuzi 2, kila G au C nyuzi 4. rPLU5 ina A na T 12, G na C 9, jumla nyuzi 60. rPLU6 ina A na T 17, G na C 6, jumla 58. Hilo ndilo joto la kuyeyuka, yaani pale ambapo nusu ya praima zimeshika na nusu zimeachia. Kanuni hii ni ya kubahatisha kidogo na hudanganya praima ikiwa ndefu, ila kwa kuanzia inatosha. Tazama pia kwamba joto la praima hizi mbili limekaribiana. Zikipishana sana, hakuna joto moja linalozifaa zote.

Joto la hatua ya kushika huwekwa chini kidogo ya hapo, mara nyingi nyuzi tatu hadi tano. Ukilishusha mno, praima ya herufi 21 inaanza kujiendesha kama ya herufi 10. Haihitaji tena kulingana yote. Ikipata mahali ambapo herufi za mwisho upande wa 3', ule unaorefushwa, zinalingana, inakaa muda mfupi, na muda huo unaitosha polimerasi. Ndiyo maana ncha ya 3' hukaguliwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya praima: kosa kwenye ncha ya 5' huvumilika, kosa kwenye ncha ya 3' huzuia urefushaji. Na ncha ya 3' ya praima moja ikilingana na ya mwenzake, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kurefushana bila DNA ya mtu wala ya kimelea. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, utaona ukanda hafifu chini kabisa, kwa kawaida chini ya herufi 100.

Siku moja mwenzangu alibonyeza 48 badala ya 58 kwenye mashine. Jeli ilitoka na ukanda wetu kwenye 1,200, na chini yake kanda nyingine tatu. Mrija wa maji matupu ulikuwa safi, tukadhani mambo ni shwari. Kilichotuamsha ni mrija wa DNA ya mtu asiye na malaria: zile kanda tatu zilikuwamo humo pia. Maji hayana DNA ya mtu, kwa hiyo hayawezi kufichua praima inayoshika kwenye DNA ya mtu. Kwa maoni yangu, kipimo cha damu kisicho na mrija huo hakijakamilika.

Kosa la mzunguko wa kwanza halifutiki kirahisi. Praima inapoanzisha nakala mahali pasipo pake, yenyewe inakuwa sehemu ya nakala hiyo. Mzunguko unaofuata, nakala ile potofu ina herufi zinazolingana na praima moja kwa moja, bila kasoro. Ukipandisha joto baadaye haisaidii, kwa sababu praima sasa ina haki ya kushika. Hivyo mizunguko michache ya mwanzo ndiyo ya kulindwa. Wengine huanza na joto la juu, kisha hulishusha nyuzi moja moja kila mzunguko, ili kipande sahihi kitangulie. Wengine hununua polimerasi iliyofungwa kwa kingamwili, isiyofanya kazi mpaka ifike nyuzi 95, kwa sababu mengi huharibika mezani wakati mirija bado ina joto la chumba.

Tulipanga mirija minane kutoka nyuzi 50 hadi 64, nyuzi 2 kila hatua. Kanda za ziada zilipungua kadiri tulivyopanda na zikaisha kwenye 58. Kwenye 62 sampuli yenye vimelea vingi bado iliwaka, lakini ile yenye vimelea vichache haikutoa kitu, na mtu wa sampuli hiyo angeandikiwa kwamba hana malaria. Tukabaki na 58.