Nimeacha nyama, mbona lehemu haijashuka?

Nimeacha nyama miezi 3 sasa. Mbona LDL yangu iko palepale?

Niambie kwanza umeweka nini mahali pa nyama. LDL ni chembe zinazobeba lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Zikizidi, lehemu hiyo hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo.

Mgonjwa wangu mmoja wa miaka 52 alikuja na swali hilihili. Asubuhi alikula mkate mweupe na chai ya sukari vijiko 3, mchana chipsi na soda, usiku wali mweupe. Maharage aliyala mara moja kwa wiki. LDL yake ilitoka 4.3 ikafika 4.2 tu, huku trigliseridi, yale mafuta mengine ya damu, zikipanda kutoka 1.7 hadi 2.9. Ini hugeuza sukari na wanga wa ziada kuwa mafuta. Nyama ilitoka, na kilichoingia ni sukari.

Kwani vyakula vya mimea havishushi vyote?

Hapana. Soda na chipsi havina nyama, na bado haviwezi kukusaidia. Mafuta ya nazi yanatoka kwenye mmea, lakini zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo hulifanya ini linase LDL chache zaidi.

Kazi ya kushusha hufanywa na nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zilizomo kwenye maharage, dengu, shayiri na matunda. Hushika nyongo utumboni, ikatoka na choo; ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine, huchota lehemu kwenye damu. Nafaka ikikobolewa, nyuzinyuzi nyingi huondoka na pumba.

Yule mgonjwa alihamia uji wa shayiri asubuhi, maharage au dengu kila siku, nafaka zisizokobolewa, kiganja cha karanga, na maji badala ya soda. Baada ya wiki 12 LDL ilikuwa 3.8 na trigliseridi 1.9. Hata hivyo, kwa kuwa ana kisukari na presha, ilibidi aanze statini, vidonge vya kushusha LDL.

Mimi tayari natumia statini. Kwa kuwa sasa sili nyama, niache?

Hapana. Usiache. Mlo wa mimea uliopangwa vizuri hushusha LDL kwa takriban asilimia 10. Statini hushusha asilimia 30 hadi 50 au zaidi, kutegemea dozi.

Lakini najisikia mzima kabisa.

LDL haiumi. Wanaoletwa kwetu mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki nao walijisikia wazima jana yake, na baadhi yao walikuwa wameacha vidonge kwa sababu "wanakula majani tu". Jibu ni lilelile: usiache. Anayeweza kupunguza dozi ni daktari wako, akiwa na kipimo kipya mkononi. Kama umeshaacha, mtafute kesho asubuhi, usingoje siku ya kliniki.