Kuigeuza Barua Pepe Kuwa Kazi na Kuifuatilia Hadi Ikamilike

Karani wa ununuzi katika chuo cha ufundi mjini Kisumu amepokea barua pepe kutoka kwa muuzaji wa cherehani aliyeko Nakuru. Kichwa chake ni “Re: Re: Bei”, na ndani ya aya ya tatu muuzaji anaeleza kwamba bei hiyo itadumu hadi Ijumaa, naye anasubiri hati ya kuagiza iliyotiwa sahihi. Karani akiisoma na kuiacha hapo, kufikia jioni itakuwa imefunikwa na barua nyingine, na kwa kuwa imekwisha kufunguliwa, haitakuwa tena na herufi nzito za kumkumbusha.

Anayetumia Gmail kwenye kompyuta aifungue barua hiyo, abonyeze nukta tatu zilizo juu yake, kisha achague Add to Tasks. Kazi itajitokeza upande wa kulia, pamoja na kiungo cha kumrudisha kwenye barua yenyewe. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ufuatiliaji unapoharibika, kwa sababu jina la kazi hunakiliwa kutoka kwenye kichwa cha barua. Jina “Re: Re: Bei” halimwambii karani afanye nini. Aliandike upya: “Pata sahihi ya mkuu wa chuo kwenye hati ya cherehani, uitume Nakuru.”

Tarehe nayo isiwe Ijumaa. Mkuu wa chuo huenda akawa safarini, kwa hiyo karani aweke Jumatano, siku anayokusudia kuifanya kazi hiyo, ili abaki na nafasi ya kurekebisha mambo. Kazi yenye tarehe huonekana pia katika Google Calendar.

Baada ya kuituma hati Jumatano, karani asiharakishe kubonyeza duara la kukamilisha. Kutuma si kupokelewa: kiambatisho huenda kikasahaulika, au barua ikaangukia kwenye taka za mpokeaji. Ni afadhali abadilishe jina la kazi liwe “Muuzaji athibitishe kupokea hati”, aisogeze hadi Alhamisi asubuhi, na asipopata jibu kufikia wakati huo apige simu. Muuzaji akithibitisha, ndipo duara libonyezwe.

Barua ikihifadhiwa kwenye kumbukumbu, kiungo chake bado kitafanya kazi. Ikifutwa, hukaa kwenye Trash kwa siku 30 kisha hutoweka kabisa, na karani atabaki na jina la kazi lisilo na barua ya kurejelea. Vilevile, muuzaji akituma jibu jipya kubadilisha siku ya mwisho, tarehe ya kazi haitajibadilisha. Ni karani mwenyewe atakayeisahihisha. Orodha hiyo pia ni ya akaunti yake peke yake, kwa hiyo akienda likizo kabla ya kupata uthibitisho, ampelekee mwenzake barua hiyo na kumweleza kazi imefikia wapi, naye mwenzake aigeuze kuwa kazi katika akaunti yake.