Kadi Tatu za Kumtambulisha Mzungumzaji

Je, mtu anawezaje kumtambulisha mgeni kwa uchangamfu akiwa na vikadi tu mkononi, bila kusoma maandishi kamili?

Sentensi iliyoandikwa yote humfunga msomaji aifuate neno kwa neno hadi nukta, kwa sababu akiinua macho katikati huogopa kuupoteza mstari. Basi uso hubaki chini, na sauti hupoa hata kama maneno yenyewe ni mazuri. Kidokezo cha maneno mawili matatu kwenye kadi hakisomeki kama hotuba. Humkumbusha msemaji jambo analolijua tayari, naye hulazimika kuliundia sentensi papo hapo, kama afanyavyo anapomsimulia rafiki, na kazi hiyo ndogo ya kuunda sentensi mbele ya watu ndiyo inayosikika kama uchangamfu. Aliyekariri hotuba nzima ameikwepa kazi hiyo, na ndiyo maana naye husikika mkavu.

Hata hivyo, si kila kitu kiachwe kuwa kidokezo. Sentensi ya kufungulia huandikwa kamili, kwa kuwa hapo ndipo woga huwa mkali zaidi, na vivyo hivyo tarakimu, mada ya mgeni, cheo chake na jina lake. Jina ligawanywe kwa silabi na silabi yenye mkazo ipigiwe mstari. Mazoea yetu ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huyaharibu majina ya lugha nyingine, kwa hiyo ni vyema kumwuliza mwenyewe mapema anavyolitamka na kama anapenda kuitwa kwa cheo.

Tuseme mgeni ni mkunga mstaafu atakayezungumza kuhusu dalili za hatari katika ujauzito, naye ametuma wasifu wa ukurasa mmoja na nusu uliojaa vyuo, vituo vya kazi na vyeti. Wasifu huo haufai kuhamishiwa kwenye kadi hata ukifupishwa, kwa sababu orodha hubaki orodha. Afadhali kumpigia simu na kumwuliza ni jambo gani katika kazi yake lililomfanya achague mada hii. Tuseme anajibu kwamba ameweka madaftari 14 ya akina mama wote aliowahudumia, na kwamba kila aliyefika kituoni akiwa amechelewa alimwekea nyota nyekundu. Kisa hicho kinatosha.

Kadi ya kwanza itakuwa na sentensi moja kamili: “Mgeni wetu ana madaftari 14 nyumbani kwake, na hakuna hata moja linalohusu fedha.” Ya pili itakuwa na vidokezo vitatu tu, kila kimoja kwenye mstari wake: “kila mama, jina na saa”, “nyota nyekundu”, “waliochelewa”. Ya tatu itaanza na kidokezo “nyota = mada ya leo”, kisha mada yenyewe, cheo, na jina mwisho kabisa, ili likitajwa watu wajue kuwa ndio wakati wa kupiga makofi. Utambulisho mzima utachukua kama dakika moja na nusu. Mgeni ndiye aliyeitwa kuzungumza.

Kazi inayopuuzwa sana ni kuvijaribu vidokezo. Acha kadi hadi kesho yake, kisha ifunue moja na uanze kusema kwa sauti mara moja. Ukikwama, tatizo huwa ni neno lililoandikwa wala si kumbukumbu yako. Neno kama “kujitolea” halina picha, kwa hiyo halileti sentensi yoyote ila zile zilizochakaa, ilhali “nyota nyekundu” huleta kisa kizima. Rudia mara tatu. Maneno yakitoka tofauti kidogo kila mara lakini kisa kikabaki kilekile, kadi iko tayari. Yakitoka yaleyale kila mara, umeanza kukariri, basi punguza mazoezi.

Kuhusu kadi zenyewe, ukubwa wa A6, yaani robo ya karatasi ya A4, hutosha kiganjani. Ziwe za karatasi ngumu, maana nyepesi huonyesha kila mtetemeko wa mkono na huchakarisha kwenye kipaza sauti. Andika upande mmoja tu, kwa herufi zinazosomeka mkono ukiwa usawa wa kifua, na uweke namba pembeni ili zikianguka uzipange haraka.

Kosa moja hutokea hata kwa wenye kadi nzuri: wanapofika kwenye jina humgeukia mgeni kabla ya kulitamka, kinywa kikaachana na kipaza sauti, na hadhira ikalikosa neno lile moja lililokuwa likingojewa. Kwenye kona ya kadi ya tatu, chora mshale unaoelekea kwa watu, utamke jina ukiwa unawatazama wao, na ndipo umgeukie mgeni.