Saruji haiibiwi usiku peke yake: jinsi ninavyopanga stoo na lindo kwenye saiti ndogo

Nasimamia ujenzi wa nyumba za kawaida hapa Tabora, za vyumba vitatu vinne, nyingi kwenye viwanja vipya pembezoni mwa mji. Saiti hizi hazina bajeti ya kampuni ya ulinzi wala kamera. Kuna mlinzi mmoja, stoo ya mabati na uzio ambao mara nyingi haujakamilika. Mwenye nyumba akiniita kwa sababu ya wizi, huwa ameshanunua kufuli kubwa zaidi. Kabla ya kuliangalia hilo kufuli, mimi huzunguka nyuma ya stoo.

Stoo ya mabati huvunjwa kwa nyuma. Fundi hupigilia mabati kutokea nje kwa misumari mifupi, na mwizi akiwa na nyundo ya kung'olea anatoa misumari minne, anakunja kona ya bati na kuvuta mfuko. Kwa hiyo nachagua misumari mirefu inayotokeza ndani, kisha naikunja ncha. Mlango nao unawekewa boliti zinazopenya mbao mpaka ndani, maana komeo la skrubu hung'oka na kufuli likiwa bado limefungwa vizuri. Bawaba zikikaa nje nazipiga welding pini zake.

Ndani, mpangilio unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kuona upungufu bila kuanza kuhesabu. Stoo ya mita 4 kwa 3 inatosha nyumba ndogo. Saruji inakaa mwisho kabisa, juu ya mbao zilizoinuliwa kama sentimita 15 kutoka chini, na mbali na ukuta kama sentimita 30. Watu hudhani nafasi hiyo ni kwa ajili ya unyevu tu, na kweli masika hapa hayaihurumii saruji. Lakini pia inaniwezesha kupita na tochi na kuona kama bati la nyuma limeguswa. Ukiegemeza mifuko ukutani, mtu anaweza kutoa ya nyuma kupitia tundu na wewe ukaendelea kuutazama uso wa mbele uliojaa. Mifuko inapangwa kumi kumi kwenda juu. Mifuko 50 ni mistari mitano, na mstari pungufu unakuwa mmoja tu, ule unaotumika. Ukikuta miwili pungufu, uliza.

Vifaa vya mkono vinakaa karibu na mlango kwenye kipande cha plaiwudi. Kila kifaa kinatundikwa kwenye msumari wake, na umbo lake limechorwa nyuma kwa rangi: mwiko, pima maji, nyundo, msumeno. Jioni umbo tupu linaonekana ukiwa bado mlangoni. Grinda na drili zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli lake, lililofungwa kwa boliti kwenye sakafu. Mlango nauzuia kwa ubao wa kiunoni, na vibarua wanapewa vitu kwa juu yake. Hakuna anayeingia stoo isipokuwa mtunza stoo.

Nondo ndiyo shida, kwa kuwa zina urefu wa mita 12 na stoo haina. Ninazilaza juu ya magogo, ncha za upande mmoja zikiwa sawasawa na zimepakwa rangi, halafu mnyororo unapitishwa kuzunguka fungu lote na kufungwa kwenye nondo za nguzo iliyokwisha kumwagwa zege. Rangi ile ina kazi yake. Mtu akikata kipande, ncha yenye rangi inapotea au nondo inakuwa fupi kuliko wenzake. Vipande vya masalia vinahesabiwa pia, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi vimetoka wapi.

Sasa mchana. Saruji nyingi zinazopotea kwenye saiti ndogo hutoka kupitia kwenye mchanganyiko, na kufuli halina la kufanya hapo. Chukua lenta ya nyumba moja: urefu wa mita 60, upana sentimita 15, kimo sentimita 20. Ni mita za ujazo 1.8. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, hula kama mifuko sita na kitu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo lenta hiyo inataka mifuko kama 12. Daftari likiandika 15, tatu zimepotea na unaweza kuuliza. Lakini mjanja haandiki 15. Anaandika 12, anarudisha mifuko mitupu 12 kama ulivyoagiza, na kumbe zege limekula minane. Minne imemiminwa kwenye viroba na imeondoka na bodaboda saa ya chakula. Stoo yako imebalansi na lenta ni dhaifu.

Kinachomzuia ni kuhesabu ndoo. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko huo unakwenda na mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba. Mfuko unafunguliwa palepale pa kukorogea, na mtu mmoja anachora mstari kwenye ubao kwa kila mkorogo. Ukiona kokoto zimefika ndoo kumi kwa mfuko, hapo ndipo saruji inapotokea mlango wa nyuma.

Lundo la mchanga nalo liwe mbali na uzio. Ni ngazi ya kurukia, na pia ni maficho: mfuko, misumari au kifaa hufukiwa humo mchana na kuchukuliwa usiku. Kabla vibarua hawajaondoka, mlinzi anachoma lundo kwa kipande cha nondo upande wa uzioni. Mabegi yao yanakaa getini siku nzima.

Hilo linanileta kwa mlinzi. Saiti nyingine mlinzi ndiye anayeshika funguo za stoo, na kitu kikipotea hakuna anayejua kilipotea mikononi mwa nani. Kwangu funguo zinaondoka na mtunza stoo. Mlinzi anapokea hesabu jioni kukiwa bado na mwanga: mistari ya saruji, nondo, mbao zilizo nje, matoroli. Wote wawili wanasaini. Asubuhi wanarudia kabla mlango haujafunguliwa kwa vibarua. Mtunza stoo akifika husema, "Shikamoo mzee, tuanze na nondo," na wanaanza na vilivyoko nje. Wala haimvunjii mzee heshima, kwani hesabu hiyo ndiyo inayomkinga siku kitu kikipotea mchana.

Taa iwake kwenye mlango wa stoo, na mlinzi akae gizani pembeni akiutazama. Mlinzi aliyekaa chini ya taa haoni kitu zaidi ya hatua chache, ilhali yeye anaonekana na kila mtu. Mizunguko isiwe ya saa maalumu. Anayevizia atajifunza ratiba hiyo kwa siku mbili. Mzunguko mmoja tu ndio wa lazima: mvua ikianza. Kelele ya mvua kwenye bati inafunika sauti ya kung'oa misumari, na hiyo ndiyo saa ambayo walinzi wengi hujikunyata kibandani. Mnunulie koti la mvua na mabuti.

Silaha yake ni filimbi na simu yenye salio. Kabla ya zamu ya kwanza nampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote, wamjue kwa sura. Hapa Unyamwezini, ambako sungusungu walianzia miaka ya mwanzo ya 1980 pamoja na Usukumani, yowe la usiku bado hutoa watu nje, lakini jirani asiyemjua mlinzi anaweza kumkimbiza yeye badala ya mwizi. Mshahara wake ninaulipa tarehe ileile kila mwezi, hata mwenye nyumba akichelewesha pesa ya mafundi.