Franga ya chuma, na ukurasa wa saba

Sentensi ya kwanza ya hadithi ilikuwa hii: "Furaha aliokota sarafu sokoni." Niliisoma kwa sauti mbele ya watoto kumi na wanne wa darasa la kwanza, hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Kabla sijafungua ukurasa wa pili, mtoto mmoja wa mbele akaniuliza: "Sarafu ni mududu?"

Wenzake hawakucheka. Nao walikuwa wanangoja jibu.

Kazi yangu ni kuandika na kuhariri vitabu vya watoto wanaoanza kusoma, na siku ile nilikuwa nimekuja na hadithi niliyoiona nyepesi kuliko zote: mtoto anaokota pesa, anatamani kubaki nayo, anamrudishia mwenyewe. Nilichosahau ni kwamba sisi Wakongomani hatuna sarafu mikononi. Franka yetu ilipoingia mwaka 1998, hata senti zilitoka za karatasi. Wazazi wangu walishika vipande vya chuma vya makuta wakati wa Zaire, na neno "makuta" limebaki mdomoni mwetu kwa maana ya pesa yoyote, lakini chuma chenyewe kilikwisha zamani. Mtoto wa miaka sita hapa anajua noti iliyochakaa, iliyokunjwa mara nne, yenye harufu ya samaki.

Jibu rahisi lilikuwa kubadilisha: Furaha aokote noti. Nilijaribu, hadithi ikalala. Noti haina mlio ikianguka, haibingiriki, haing'ai kwenye tope. Mtoto wa umri huu hajali hesabu ya pesa. Anachokipenda ni kitu chenyewe, na hadithi ya kishawishi bila kitu cha kutamanisha haina kazi. Basi nikatazama ng'ambo ya mto Ruzizi. Rwanda wanatumia sarafu, na mama zetu wanaovuka mpaka kwenda Kamembe na kurudi hubaki nazo kwenye pindo la kitenge. Nilileta darasani kipande cha franka 100 za Rwanda, kile chenye rangi mbili, nikakiangusha kwenye sakafu ya saruji. Kliin! Watoto wote wakageuka. Mmoja akasema "igiceri", kama wanavyosema kule ng'ambo. Mwingine akasema "franga ya chuma". Hilo la pili ndilo lililoingia kitabuni, maana hata asiyewahi kukiona kitu anaelewa "franga" na anaelewa "chuma".

Neno la pili lililonisumbua ni "kuokota", au "kulokota" kama watoto wetu wanavyotamka. Kitenzi hiki kinamtetea mtu kabla hajashtakiwa. Nilipouliza kama Furaha amefanya vibaya kubaki na franga, jibu lilikuja haraka: "Hakuiba, alilokota." Na kwa Kiswahili mtoto yule ana haki. Ukisema "ameokota", umeshasema kwamba kitu kilikuwa hakina mtu, kimeletwa na bahati. Kwa hiyo hadithi haiwezi kuanza na franga iliyolala peke yake njiani, kisha tumdai mtoto wa miaka sita amfikirie mwenyewe asiyeonekana. Wakubwa wenyewe wanashindwa.

Nilimpa franga mwenyewe. Ni mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Amefunga pesa kwenye pindo la kitenge, fundo limelegea, na Furaha anaona. Hapo hata swali lililokuwa linanirudia kila mara, "tutajuaje ni yake?", likafa. Mwenye macho makali ataona kwenye mchoro wa ukurasa wa kwanza kwamba fundo limeanza kufunguka. Watoto wanaliona kabla ya walimu.

Hii ndiyo hadithi ilivyo sasa, kila mstari ni ukurasa:

1. Mama anauza sambaza. Pesa iko kwenye kitenge.
2. Fundo limelegea. Kliin!
3. Franga ya chuma inabingirika. Inabingirika, inabingirika.
4. Inafika kwa Furaha. Inalala.
5. Furaha anailokota. Inang'aa!
6. Pale kando kuna mandazi ya moto.
7. Furaha anafunga mkono. Franga inapata joto.
8. Mama anatafuta. Chini ya beseni, hakuna.
9. Mama anatafuta. Chini ya meza, hakuna.
10. Furaha anatazama mkono wake. Anamtazama mama.
11. "Mama, franga yako ni hii. Nilikuwa nimeificha."
12. "Aksanti, mwanangu. Umeniambia kweli." Mama anafunga fundo. Anafunga tena.

Watu huniambia ni fupi mno. Ndiyo, lakini angalia ilikotoka. Katika rasimu, ukurasa wa kumi na moja ulianza na "Alipomrudishia". Hilo ni neno moja tu ukihesabu maneno, na wahariri wengi huhesabu hivyo, kwa kufuata vitabu vya Kifaransa ambako neno la mtoto huwa fupi. Lakini kwa anayesoma kwa kidole, "a-li-po-m-ru-di-shi-a" ni mlima. Ndani yake kuna nani, lini, kwa nani na nini. Mtoto akifika kwenye "-shia" amesahau "ali-". Mimi huhesabu silabi: neno la silabi tano napenda liwe moja tu kwenye ukurasa, na liwe la kurudiwa. "Inabingirika" lina silabi sita, lakini linakuja mara tatu mfululizo, na mara ya tatu darasa zima linalisema bila kutazama kitabu.

Sasa ukurasa wa saba, ambao ndio hadithi yenyewe. Rasimu yangu haikuwa nao. Furaha aliokota, akaona mama anatafuta, akarudisha. Watoto walisikiliza kwa heshima kama wanavyosikiliza tangazo. Nilipouliza "Furaha afanye nini?", wote kwa pamoja: "Arudisheee!" Jibu la namna hiyo, la kuimbwa, ni dalili mbaya. Mtoto anajua mkubwa anataka kusikia nini, anampa, yameisha. Nikageuza swali: "Wewe ungeificha wapi?" Hapo darasa lilifunguka. Kwenye soksi. Ndani ya ndala, chini ya kidole. Kwenye nywele za dada. Msichana mmoja, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu: chini ya ulimi.

Hilo la ulimi lilikuwa zuri kuliko yote, na nililifuta. Mtoto wa miaka sita akiona kwenye picha mwenzake anaweka chuma mdomoni, atajaribu kabla ya jioni, na sarafu ni saizi ya kumkaba. Nikabaki na mkono uliofungwa. Kwa bahati, mkono una kitu ambacho ulimi hauna: chuma kinapata joto. Kila mtoto anaweza kukijaribu mara moja, na wanakijaribu; ninaposoma ukurasa huo naona ngumi ndogo zinafungwa. Hapo mimi hunyamaza. Sifungui ukurasa wa nane mpaka mtu aseme kitu. Mwalimu anayeogopa ukimya huu hukimbilia mbele, na akikimbia, Furaha hachagui kitu. Anarudisha tu kwa sababu kurasa zimefunguliwa.

Nilichohangaika nacho zaidi baada ya hapo ni mwisho. Rasimu moja ilimwadhibu: Furaha anabaki na franga, ananunua andazi, tumbo linamuuma usiku. Watoto walicheka, na mvulana mmoja akanieleza kwa upole kwamba amekula andazi la namna hiyo na tumbo halikuuma. Hadithi inayotisha kwa kitu ambacho mtoto amekwisha kukipima imejivunja yenyewe.

Baadaye nilikuta kwamba jambo hili limepimwa kwa watoto wengi. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha jaribio la watoto 268, wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliachwa peke yake na kitu cha kuchezea kilichowekwa nyuma yake, akaambiwa asigeuke kukitazama. Kisha alisomewa hadithi, halafu akaulizwa kama alichungulia. Hadithi mbili zinazomwadhibu mwongo, mmoja akirefuka pua na mwingine akikosa wa kumsaidia mbwa mwitu anapokuja, hazikuongeza ukweli kuliko hadithi isiyohusu uongo kabisa. Iliyoongeza ni ya mvulana aliyekata mti wa baba yake, akakiri, baba akaufurahia ukweli wake. Walipobadilisha mwisho wa hadithi hiyo hiyo, mvulana asikiri na apate adhabu, nguvu yake ikapotea.

Ndiyo maana Furaha anasema "Nilikuwa nimeificha." Mhariri mwenzangu alitaka sentensi hiyo itoke, mtoto mzuri, kwa maoni yake, asiwe ameficha. Nilikataa. Bila hiyo, Furaha amebeba mzigo tu kutoka pale hadi hapa. Na mama anajibu hilo hasa, "Umeniambia kweli", si "Umenirudishia pesa".

Mwisho mwingine tulioujaribu ulikuwa wa zawadi: mama anampa franga abaki nayo. Watu wazima waliupenda sana. Wiki iliyofuata nilirudi na hadithi tofauti kabisa, ya mtoto aliyeona jembe la jirani limesahaulika shambani, na kabla sijafika katikati nikaulizwa: "Atamupa nini?" Nikajua nimefundisha biashara. Nilirudi nyumbani nikaifuta zawadi, nikaweka fundo la pili.

Mtu ataniuliza kwa nini sikutumia sungura, kwa kuwa hadithi zetu zimejaa sungura. Kwa watoto wetu sungura ni mjanja, na kila wanapomwona na kitu cha mtu wanangoja awashinde wote na kuondoka nacho. Ukimfanya arudishe, wanadhani ukurasa mmoja umepotea.

Kuna kasoro ambayo bado sijaitengeneza. Mchoraji amechora mandazi ya ukurasa wa sita vizuri kupita kiasi, na mvuke juu. Siku ya mwisho niliyosoma darasani, baada ya mama kufunga fundo la pili, yule aliyeniuliza kuhusu mdudu aliinua mkono. Nilidhani atasema jambo kuhusu Furaha.

"Sasa mandazi," akasema, "nani alikula?"