Mashine ya presha ya dukani: tazama mkanda kabla ya kutazama namba

Wengi wanaokuja kliniki wakiwa na karatasi ya mashine ya presha ya famasi au supamaketi huwa wameshashtuka, au wameshatulia pasipo sababu. Kabla ya kuzijadili namba zenyewe, sisi huuliza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mkono wako una unene gani?

Mashine hizi hazisikilizi mapigo kama anavyofanya daktari kwa stetoskopu. Mkanda hujaa hewa hadi ukaubana mshipa, kisha hewa inapopungua polepole mashine hunasa mitikisiko midogo ya damu inayopita chini yake. Kutokana na mitikisiko hiyo, namba ya juu na ya chini hukokotolewa kwa kanuni ya mtengenezaji. Hesabu hiyo hutoka sawa pale tu mkanda unapouenea mkono. Mkanda ukiwa mdogo, hulazimika kujaa hewa zaidi ndipo uubane mshipa, na nguvu hiyo ya ziada mashine huihesabu kuwa ni presha yako. Mkanda ukiwa mkubwa mno, namba hushuka kuliko hali halisi.

Kliniki tunayo mikanda ya saizi kadhaa. Mashine ya dukani kwa kawaida ina mmoja tu, umefungwa humo humo kwenye tundu la kuingizia mkono.

Kwa hiyo jipime kwanza. Tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha utepe wa fundi cherehani bila kuukaza, usome sentimita. Halafu angalia kipimo cha mkanda, ambacho huandikwa kwenye mkanda wenyewe au kwenye maelekezo ya mashine. Kama hakijaandikwa popote na mhudumu hakijui, mimi nisingeutegemea mkanda huo.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mkono wa sentimita 44, anayepimwa kwa mkanda wa sentimita 22 hadi 32. Mashine inamwandikia 158/96, presha ya juu waziwazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu huzidi kwa wastani wa karibu 20 na ya chini kwa karibu 7. Basi huenda presha yake ni kama 138/89, chini kidogo ya 140/90, kiwango ambacho kliniki nyingi huanzia kusema mtu ana presha. Lakini asikae akatoa 20 mwenyewe kila akipima! Huo ni wastani wa watu wengi. Kwake yeye tofauti yaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko hapo. Anachohitaji ni kupimwa upya kwa mkanda unaomtosha.

Ikiwa mkanda unakufaa, kinachobaki ni namna ya kukaa. Nenda haja ndogo kwanza, na uwe umepisha nusu saa tangu kahawa, sigara au mazoezi. Pandisha mkono wa nguo juu bila kuuacha ukabana, au vaa nguo nyepesi unayoweza kuivua. Keti dakika tano kimya kabla ya kubonyeza kitufe, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipandane. Mkanda uwe usawa wa moyo. Kiti cha mashine nyingi hakisogei, na hapo ndipo mtu mfupi hujikuta mkono umeinuka mno, namba ikashuka. Mrefu naye mkono humkaa chini, namba ikapanda. Usizungumze wala kushika simu. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili pamoja na tarehe na saa.

Ikitoka 180/120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo, mwone mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya. Lakini ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, kuona ukungu, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja, usirudie kupima, wahi hospitali. Na dalili hizo zinahitaji hospitali hata mashine ikisoma namba nzuri.

Wako ambao tunawaomba wasiitumie kabisa bila ushauri. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hupata namba zinazorukaruka, kwa sababu mitikisiko inayonaswa hailingani. Aliyewekewa mshipa wa kusafishia damu mkononi, au aliyeondolewa tezi za kwapani kwa ajili ya saratani ya titi, asiubanishe mkono huo, na baadhi ya mashine zimetengenezwa kupokea mkono wa kushoto tu. Kama wako wa kushoto ndio huo, usijaribu kujipinda ili uingize wa kulia. Namba itakayotoka haitakusaidia. Omba upimwe kliniki kwa mkono mwingine.